Kutaja na Kuamkia: Utaratibu wa Kufungua Hotuba katika Hadhara za Mutuka

Katika mikutano na sherehe za nchi yetu, msemaji hasimami na kuanza kusema jambo lililomleta. Kwanza huwataja walio mbele yake, kisha huwaamkia, ndipo aingie katika shauri lenyewe. Vijana wengi wa shule huliona jambo hili kuwa moja tu, yaani salamu ndefu iliyojaa vyeo. Katika insha hii tutajaribu kuonyesha kwamba mambo hayo ni mawili, na kwamba kila moja lina asili yake na mpango wake. Kutaja hufuata cheo. Kuamkia hufuata umri na imani. Anayezichanganya kazi hizi mbili ndiye aghalabu huwakosea watu bila ya kukusudia.

Tumechagua kulitazama jambo hili katika kata ya Mutuka, mojawapo ya kata za mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioanzishwa mwaka 2002 kwa kuugawa Mkoa wa Arusha. Mahali hapo panafaa kwa sababu mbili. Kwanza, hadhara yake ni ya mji na ya shamba kwa pamoja: watumishi wa serikali hukaa bega kwa bega na wakulima wa mahindi na mbaazi. Pili, nchi ya Babati ina watu wa asili nyingi. Wako Wagorowa, ambao huitwa pia Wafiomi, wako Wairaqw, Warangi, Wambugwe, Wabarbaig, Wanyaturu na wengine waliokuja kwa kazi na biashara. Lugha za baadhi yao ni za Kikushi, nyingine za Kibantu, nyingine za Kinailoti. Katika hadhara kama hiyo msemaji hawezi kutegemea kwamba kila mtu atajua moyoni mwake nani atangulie. Hana budi awe na utaratibu unaoeleweka na wote, na utaratibu huo umekuja kwa lugha ya Kiswahili.

Asili ya mpango wa wazee

Kabla ya utawala wa kigeni, mashauri ya nchi hii yaliamuliwa katika mabaraza ya wazee. Kwa Wairaqw hasa, mambo ya ardhi, ya mipaka na ya amani baina ya majirani yalikuwa mikononi mwa wazee wa mahali, wala hapakuwa na mtawala mmoja aliyeamuru kila jambo. Katika mikusanyiko yao Wairaqw wana sala ya kunena iitwayo slufay. Mzee mmoja huinena kwa maneno ya kupangwa, akiiombea nchi, watu na mifugo, na waliokaa humwitikia. Sala hiyo ina fundisho kwa habari yetu: neno la hadhara halikuwa la mtu mmoja anayesema na wengine wanaonyamaza. Lilikuwa neno la kuitikiwa, na mwitikio ndio uliokuwa ushahidi kwamba waliohudhuria wamekubali kuwa pamoja.

Katika baraza la namna hiyo hapakuhitajiwa orodha ya vyeo. Watu walijuana, na umri ulijulikana kwa macho. Mkubwa alitangulia, mdogo akafuata. Hata leo, mzee wa Mutuka anapongoja salamu katika mkutano, hangoji kutajwa cheo, kwa kuwa huenda hana cheo chochote. Angoja kuamkiwa ili aitikie.

Salamu inayotumika sasa kwa kazi hiyo ni shikamoo, nayo haikuzaliwa bara. Ilitoka pwani, na maana yake ya asili ni kushika miguu. Pwani ya zamani ilitumiwa na mtu wa hali ya chini kwa mkubwa wake, hata mtumwa kwa bwana wake. Jibu lake, marahaba, lina asili ya Kiarabu. Iliposafiri kuingia bara pamoja na Kiswahili ilivua maana ya utwana na kuvaa maana ya umri. Leo tajiri humwamkia maskini aliyemzidi miaka, na kiongozi humwamkia mkulima. Badiliko hilo ndilo lililoifanya shikamoo ifae kufungulia hotuba mbele ya watu wa makabila mengi: mzee wa Kigorowa na mzee wa Kirangi huamkiwa kwa neno moja, na wote wawili huitikia kwa sauti moja.

Asili ya mpango wa vyeo

Mpango wa kutaja vyeo una historia nyingine. Katika ukoloni Babati ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Waingereza, kwa sheria yao ya mwaka 1926 ya mamlaka za wenyeji, walitawala kwa kuwatumia machifu. Baraza likabadilika sura. Mkuu wa wilaya, ambaye watu walimwita Bwana Shauri, alipofika, watu waliitwa wakusanyike ili wasikilize amri za kodi, za kilimo na za mifugo. Msemaji alimtaja kwanza Bwana Shauri, kisha chifu, kisha wasaidizi wa chifu. Mpango ulitoka juu kwenda chini, na mzee asiye na cheo akawa mtu wa mwisho katika baraza ambalo zamani lilikuwa lake.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka tena. Utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria mwaka 1963. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukawakataza viongozi kuwa na kiburi na kuwadharau wanaowaongoza. Katika miaka hiyo neno ndugu likawa ndiyo heshima ya wote. Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU iliwatambua binadamu wote kuwa ndugu, na jambo hilo likaingia katika midomo ya wasemaji: Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mkuu wa Wilaya, ndugu wananchi. Mpango wa kutaja ulibaki kuwa wa juu kwenda chini, lakini neno lililotangulia kila cheo lilikuwa moja. Aliyetajwa kwanza alitambulishwa kwa kazi yake, si kwa utukufu wake. Nchini Kenya, kwa kulinganisha, wakati wa Rais Moi, kuanzia mwaka 1978 hadi 2002, wasemaji walianza kwa kusema Mtukufu Rais.

Mfumo wa vyama vingi ulirudi nchini mwetu mwaka 1992, na katika miaka hiyo neno mheshimiwa lilisambaa tena nje ya Bunge. Siku hizi kuna mgawanyo ambao mwanafunzi anaweza kuushika kwa urahisi. Walioteuliwa au kuchaguliwa kushika uongozi wa nchi, kama vile waziri, mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, mbunge na diwani, huitwa waheshimiwa. Watumishi wa umma, kama vile mkurugenzi, afisa elimu, mtendaji wa kata na mkuu wa shule, huitwa ndugu. Ndani ya Chama Cha Mapinduzi neno ndugu limeendelea kutumika kwa viongozi wa chama. Naye Rais anapolihutubia taifa, husikika mara kwa mara akianza kwa maneno mawili tu: ndugu wananchi. Sababu yake si ugumu kueleza. Hana mgeni rasmi mbele yake, wala mwenyekiti anayemwomba nafasi. Anasema na wote kwa mara moja.

Twaona basi kwamba msemaji wa leo katika Mutuka anarithi mabaraza mawili. Moja linamwambia aanze na mzee, lingine linamwambia aanze na mkuu. Hayo hayawezi kutimizwa kwa sentensi moja. Ndiyo maana desturi yetu imeyatenga: kwanza kutaja, kisha kuamkia. Desturi ya barua za Waswahili ilikuwa na mpango unaofanana na huo tangu zamani. Barua ilianza kwa jenabi na sifa za mwandikiwa, ikafuata salamu, ndipo mwandishi akasema baada ya salamu na kuingia katika habari yake. Heshima, salamu, habari: hotuba nayo inapita katika milango hiyo mitatu.

Nani atajwe kwanza

Swali la kwanza la msemaji si nani mkubwa hapa. Swali lake ni hili: huu ni mkutano au ni sherehe?

Katika mkutano, neno hupelekwa kwa mwenyekiti. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zinaipa mikutano ya wananchi ya ngazi za chini mwenyekiti wake, na mtendaji ndiye katibu. Mwananchi anayesimama kuuliza habari za bomba la maji au za mchango wa darasa huanza kwa kusema Ndugu Mwenyekiti, hata kama mkuu wa wilaya ameketi pembeni. Anafanya hivyo kwa sababu mwenyekiti ndiye mwenye mkutano, naye ndiye anayetoa na kuzuia nafasi ya kusema. Bunge hufuata kanuni iyo hiyo: mbunge husema Mheshimiwa Spika, hata kama anamjibu waziri.

Katika sherehe, neno hupelekwa kwa mgeni rasmi. Yeye amealikwa ili asikie na ajibu. Kwa hiyo hutajwa kwanza, na wengine hufuata kwa kushuka. Mgeni rasmi akishindwa kuja na kumtuma mtu, aliyetumwa hukalia kiti cha aliyemtuma, hata kama kwa cheo chake mwenyewe angekaa nyuma. Huyo hutajwa kwanza, na msemaji huongeza kwamba amekuja kwa niaba ya fulani. Na mgeni rasmi mwenyewe anaposimama, hawezi kujitaja. Yeye huanza na mwenyeji wake, yaani mwenyekiti wa bodi au mwenyekiti wa sherehe, kisha hufuata viongozi wengine.

Baina ya wale wanaofuata, kanuni ni kushuka ngazi: mkoa kabla ya wilaya, wilaya kabla ya kata, kata kabla ya mtaa. Ugumu huja pale watu wawili wanaposimama katika ngazi moja kwa njia mbili, kwa mfano mkuu wa wilaya, ambaye ni mwakilishi wa Serikali Kuu, na mbunge, ambaye ni mwakilishi wa wapiga kura. Hapo msemaji asijitungie hukumu yake. Aiulize ofisi ya mkuu wa wilaya au mratibu wa sherehe, na afuate orodha atakayopewa. Neno itifaki lenyewe, katika Kiarabu lilikotoka, maana yake ni makubaliano. Orodha iliyokubaliwa kabla ya watu kuketi haimkasirishi mtu kama orodha anayoibuni msemaji akiwa amekwisha kusimama.

Mfano: risala ya wahitimu

Tuchukue mfano wa mahafali ya kidato cha nne katika shule ya sekondari iliyoko Mutuka. Mahafali kama hayo hufanyika kabla ya mtihani wa taifa wa mwezi Novemba. Mgeni rasmi ni mkuu wa wilaya. Wamehudhuria diwani wa kata, mwenyekiti wa bodi ya shule, afisa elimu wa sekondari kutoka halmashauri ya mji, mtendaji wa kata, na mkuu wa shule pamoja na walimu wake. Wako padre, mchungaji na sheikh. Katika viti vya mbele upande mmoja wamekaa wazee wa mahali, na baadhi yao ndio waliotoa sehemu ya mashamba yao ili uwanja wa shule upatikane. Nyuma wako wazazi na wanafunzi. Mwanafunzi mmoja amechaguliwa kusoma risala ya wahitimu.

Siku moja au mbili kabla, mwanafunzi huyo aende kwa mwalimu mratibu na kuandika orodha ya wageni kwa vyeo. Tunasema kwa vyeo, si kwa majina, kwa sababu mbili. Cheo hakibadiliki endapo mtu atatuma mwakilishi. Tena majina mengi ya Babati yana sauti ambazo Kiswahili hakina. Majina kama Qwaray, Tluway au Hhando yakisomwa na mtu asiyeyazoea huharibika, na jina la mtu likiharibiwa mbele ya watu wake, watoto hucheka na mwenyewe hunyamaza. Ikiwa jina halina budi kutajwa, mwanafunzi amwendee mtu wa nyumba hiyo, alisikie likitamkwa, alirudie hadi aambiwe kwamba amepatia.

Asubuhi ya sherehe orodha isomwe tena, kwa maana daima yupo aliyeahidi na hakuja, na yupo aliyekuja bila ya kuahidi. Ndipo mwanafunzi asimame na kusema:

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Babati, Mheshimiwa Diwani wa Kata ya Mutuka, Ndugu Afisa Elimu, Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Ndugu Mtendaji wa Kata, Ndugu Mkuu wa Shule na walimu wetu, viongozi wetu wa dini, wazee wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa, wanafunzi wenzetu.

Hapo atulie kidogo. Kutaja kumekwisha. Sasa ainue uso kutoka katika karatasi, awaelekee wazee, na aseme: Shikamooni, wazee wetu. Angoje marahaba. Kisha aseme: Tumsifu Yesu Kristo, aitikiwe milele na milele, Bwana Yesu asifiwe, aitikiwe amina, Asalaam alaikum, aitikiwe waalaikum salaam. Mwisho awajulie hali wenzake. Hayo yote hayafiki dakika mbili ikiwa yamepangwa.

Tazama yaliyotendeka. Katika kutaja, wazee walikuja baada ya viongozi. Katika kuamkia, wao walitangulia. Mkuu wa wilaya, ambaye pengine ni kijana kuliko wao, hakupunguziwa kitu, wala wao hawakupunguziwa. Naye mkuu wa wilaya mwenye busara, zamu yake itakapofika, atafanya vivyo hivyo: atawaamkia wazee kwa shikamoo mbele ya watu wote. Anapofanya hivyo hashushi cheo cha serikali. Anaonyesha kwamba yuko ndani ya jamii ile ile anayoiongoza.

Baada ya hapo risala yenyewe huendelea kwa kumwelekea mtu mmoja. Kila aya huanza kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Marudio hayo si mapambo. Risala huwa na maombi: shule ina upungufu wa madawati, maabara haijakamilika, wasichana hutembea mwendo mrefu na wanahitaji bweni. Ombi lisilo na mwelekewa halina anayelijibu. Kwa kumtaja kila mara, wahitimu wanamweka mgeni rasmi mahali pa kujibu mbele ya mashahidi, na jibu lake likitoka, wazazi wote huwa wamelisikia.

Makosa na dalili zake

Kosa la kwanza ni urefu. Kila msemaji akirudia orodha nzima, na wasemaji wakawa saba, saa nzima hupita watu wakiwa juani kabla ya jambo lolote kusemwa. Dawa iliyozoeleka ni msemaji wa kwanza kutaja kwa ukamilifu, na wanaomfuata kumtaja mgeni rasmi na wengine wawili au watatu tu, kisha kusema itifaki imezingatiwa. Maneno hayo ni halali pale ambapo kweli orodha ilikwisha kutajwa. Msemaji wa kwanza akiyatumia, anadai kwamba jambo limefanyika, hali halijafanyika. Tena yanaweza kuchukua nafasi ya kutaja tu. Hayawezi kuchukua nafasi ya kuamkia. Hakuna mzee anayeweza kuitikia marahaba kwa itifaki imezingatiwa.

Kosa la pili ni kumwamkia mgeni rasmi kwa shikamoo peke yake kwa sababu ya cheo, na kuwapita wazee. Msemaji anayefanya hivyo huirudisha shikamoo kule ilikotoka, kwenye salamu ya mnyonge kwa bwana. Dalili yake husikika upesi. Mgeni rasmi huitikia kwa sauti ndogo akitazama pembeni, na viti vya wazee vinakaa kimya.

Kosa la tatu ni kuamkia kwa imani moja na kuisahau nyingine. Katika Babati yenye Wakatoliki, Walutheri, Waislamu na madhehebu mengine, walioachwa hujiona wageni katika shule ambayo watoto wao wanasoma. Asiyeweza kuzisema salamu zote kwa usahihi ni heri asiseme hata moja, bali atumie salamu ya wote. Tangu mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan ametumia salamu ya namna hiyo, akiwasalimu watu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, nao wakiitikia kazi iendelee. Kwa umbo lake, salamu hiyo inafanya yale yaliyofanywa na mwito wa Uhuru na Kazi katika miaka ya mwanzo ya Uhuru: inawapa watu wa dini zote neno moja la kuitikia.

Kosa la nne ni kumsahau mtu. Hili hutokea hata kwa msemaji hodari, na dalili yake ni mnong'ono upande mmoja wa uwanja, au kikaratasi kinachopitishwa kwa mshereheshaji. Msemaji asingoje mwisho. Akomee mwisho wa sentensi aliyomo, aseme naomba radhi, amtaje aliyesahauliwa kwa cheo chake kamili, kisha aendelee bila ya maelezo marefu. Radhi iliyocheleweshwa hadi mwisho wa hotuba huwafanya watu wakumbuke kosa kuliko hotuba.

Yapo makosa ambayo gharama yake huonekana baadaye. Tufikiri mkutano ulioitishwa ili wananchi wakubaliane kuchangia darasa. Viongozi wote wametajwa kwa ukamilifu, ila wazee hawakutajwa wala kuamkiwa. Hakuna atakayesimama kulalamika, kwa kuwa mtu mzima haombi salamu. Lakini siku ya kukusanya mchango, itasikika kauli kwamba jambo hili ni la ofisi, sisi hatukuitwa. Kwa maandishi waliitwa, na mahudhurio yana sahihi zao. Kwa desturi hawakuitwa, kwa sababu hakuna neno lililotoka kwao kuitikia. Waliowahi kuitikia marahaba mwanzoni mwa mkutano huona ugumu kusema baadaye kwamba hawakuwamo. Penye wazee hapaharibiki neno, wanasema wahenga, lakini sharti wazee wawe wamehesabiwa kuwa wapo.

Kwa mwalimu anayefundisha jambo hili darasani, zoezi moja linatosha. Awape wanafunzi orodha ya wageni iliyovurugwa, pamoja na mzee mmoja asiye na cheo, kisha awatake waandike mistari ya kutaja na mistari ya kuamkia kwa mafungu mawili mbalimbali. Baadaye abadili jambo moja tu: sherehe iwe mkutano, au mgeni rasmi atume mwakilishi, au mgeni rasmi ndiye anayesema. Fungu la kutaja litabadilika kila mara. Fungu la kuamkia litabaki kama lilivyokuwa, na mzee yule asiye na cheo atakuwa bado yuko mwanzo wake.